Jicho jekundu la kupita na jicho jekundu la kupofusha

Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilipotoa tahadhari kuhusu mlipuko wa macho mekundu Dar es Salaam, picha za macho zilikuwa zimeshajaa kwenye simu. Mzazi alimpiga mtoto picha akamtumia shangazi aliye muuguzi. Konda alijipiga mwenyewe akaiweka kwenye kundi la ukoo. Muuza duka la dawa alionyeshwa simu dirishani, akaitupia jicho, akatoa kichupa cha matone. Baadaye hali ikawa hiyohiyo Mombasa na miji mingine ya pwani ya Kenya. Wengi waliopigwa picha siku zile walikuwa na maambukizi ya virusi ambayo hupona yenyewe, na ushauri waliopewa ulikuwa sahihi: nawa mikono, usichangie taulo, usilisugue jicho, vumilia wiki moja au mbili.

Lakini kidonda cha konea nacho huanza kwa wekundu. Presha ya macho inayopanda ghafla nayo huanza kwa wekundu. Kila mtu anapokuwa na jicho jekundu, mwenye kidonda huchukuliwa kuwa mmoja wa wale mia wa virusi, akaambiwa naye avumilie. Kwake yeye, kuvumilia siku nne ni kupoteza sehemu ya kuona ambayo dawa haitairudisha.

Jambo la kwanza ambalo mtazamaji wa picha anapaswa kulijua ni gumu kulikubali, kwa kuwa linapingana na macho yake mwenyewe: ukali wa wekundu haupimi ukubwa wa hatari. Picha inayotisha kuliko zote ni ya jicho ambalo nusu ya weupe wake imefunikwa na damu nyekundu iliyoiva, yenye ukingo unaoonekana wazi. Wanaoitazama hushtuka, na mwenye jicho hushtuka zaidi, kwani mara nyingi ameamka asubuhi akaikuta kwenye kioo bila kuhisi chochote. Hiyo ni damu iliyovilia chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Kishipa kidogo kimepasuka kwa sababu ya kukohoa, kutapika, kubeba mzigo mzito au kujisugua usingizini. Haiumi wala haipunguzi kuona, na hufifia yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, ikipitia rangi ya manjano. Ikitokea mara kwa mara, inafaa kupima presha ya damu. Ikitokea baada ya kupigwa au kugongwa, jicho lionwe na daktari, kwani pigo huenda limeharibu mengine yaliyo nyuma. Vinginevyo, picha ile ya kutisha haina la kutisha.

Kwa upande mwingine, jicho lenye wekundu hafifu, ambalo kwenye picha linafanana na la mtu aliyekosa usingizi, linaweza kuwa na kuvu wanaokula konea.

Ndiyo maana tabibu wa macho haangalii jicho ni jekundu kiasi gani, bali wekundu umekaa wapi. Ule utando mwembamba una mishipa mingi ya damu, na huanzia ndani ya kope, ukajikunja, ukafunika weupe wa jicho mpaka kwenye ukingo wa konea, kile kioo angavu cha mbele. Utando huo unapoambukizwa, yaani konjaktivaitisi ya kawaida, wekundu hukolea pembezoni na ndani ya kope, kisha hupungua kadiri unavyokaribia katikati. Ukilivuta kope la chini, nyama yake ya ndani ni nyekundu pia na imevimba. Konea yenyewe imebaki safi. Ugonjwa ukiwa ndani ya jicho au kwenye konea, mambo hugeuka: wekundu hujipanga kama pete kuzunguka duara la rangi, mara nyingi ukiwa na uzambarau, huku pembe za jicho na ndani ya kope vikiwa na nafuu. Mishipa inayowaka hapo si ya utando wa juu, bali ni ya chini zaidi, inayohudumia sehemu za ndani.

Picha nzuri huionyesha tofauti hiyo. Picha mbaya huifuta, maana mmweko wa simu hung'arisha kila kitu na kuufanya wekundu wote uwe mmoja. Na kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa mbali na kwetu hulipitia haraka. Watu wengi weusi wana madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho, hasa kuzunguka konea, na weupe wenyewe huwa na umanjano kidogo. Hayo ni maumbile. Mtu asiyelijua jicho lake la kila siku atayaona kwa mara ya kwanza siku anapougua, akadhani ndiyo ugonjwa, au kinyume chake, rangi hiyo itaificha ile pete ya hatari. Dawa yake ni ndogo: picha ioneshe macho yote mawili, lililo zima likiwa pembeni mwa linaloumwa, kwa mwanga mmoja.

Matongotongo nayo hueleza kitu. Virusi hutoa machozi mengi mepesi, na ugonjwa huanza jicho moja ukahamia la pili baada ya siku chache. Bakteria hutoa usaha mzito wa manjano au kijani unaogandisha kope asubuhi. Mzio huleta muwasho ambao mtoto hawezi kuacha kuukuna, na nyuzi nyeupe zinazovutika. Katika hali zote hizo tatu mgonjwa anahisi mchanga na moto, lakini akishayasafisha matongotongo anaona kama kawaida. Hapo ndipo picha inapofikia ukomo wake. Kamera haiwezi kujua kama mtu anaona. Haiwezi kujua kama maumivu yake ni ya mchanga au ni ya kisu, wala kama taa ya chumbani inamfanya azibe uso kwa kanga. Kuona kulikopungua, maumivu makali ya ndani, na kushindwa kuvumilia mwanga: dalili hizi zinazolitenga jicho jekundu la kawaida na lile la hatari hupatikana kwa kuuliza, si kwa kutazama.

Mfano wa mkulima wa mpunga utasaidia. Hadithi yake imejengwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki za macho, wala si ya mtu mmoja. Anavuna, ukingo wa jani unamkwaruza jicho la kulia. Anaosha kwa maji ya ndoo, anaendelea na kazi. Kesho yake jicho ni jekundu kidogo, linatoa machozi, linauma akitazama jua. Anapiga picha. Pichani wekundu ni mdogo na hakuna usaha. Anayeipokea anasema ni macho mekundu, yamezagaa. Kwenye duka la dawa anauziwa matone yaliyochanganya dawa ya bakteria na steroidi, mchanganyiko unaopendwa kwa sababu hulituliza jicho haraka.

Siku ya nne anapiga picha ya pili, na picha ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Wekundu umepungua na maumivu yamelegea. Ndugu wanashukuru. Kwa kweli kilichotokea ni kwamba steroidi imezima jeshi la ulinzi la mwili, na wekundu ule ulikuwa dalili ya jeshi hilo kuwa kazini. Kuvu walioingia pamoja na jani hawaguswi na dawa ya bakteria, na sasa hakuna wa kuwazuia. Wanapenya ndani ya konea. Hii ndiyo sehemu ya kusikitisha zaidi katika habari nzima ya picha za macho: picha inaweza kupendeza siku zilezile ugonjwa unapozidi kuwa mbaya. Kama mtu huyo angeulizwa siku ya nne afumbe jicho zima na asome maandishi kwenye mfuko wa mbolea, angejua kwamba herufi zimeanza kuzama kwenye ukungu.

Siku ya kumi picha ya tatu haina ubishi. Juu ya duara jeusi kuna doa la kijivu-nyeupe, kingo zake hazijakatika vizuri bali zimechanua kwenda pembeni, na vijidoa vingine viwili vidogo vimejitenga karibu yake. Chini, nyuma ya konea, kuna mstari mweupe wa usaha uliotulia. Wekundu umerudi kwa nguvu, ukiwa umeikaba konea pande zote.

Hospitalini anawekewa kwanza karatasi nyembamba ya rangi ya chungwa iitwayo fluoreseni. Rangi hiyo hushika mahali palipochubuka tu, na chini ya mwanga wa bluu hapo pote hung'aa kijani, hivyo ukubwa wa kidonda hupimika kwa milimita. Kisha jicho hutiwa ganzi na kingo za kidonda hukwanguliwa taratibu. Mkwanguo huwekwa kwenye kioo cha maabara na kutafutwa nyuzi za kuvu au bakteria kwa hadubini. Akikutwa na kuvu, dawa ya kwanza ni natamaisini ya asilimia 5, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Hutiwa kila saa moja, usiku na mchana, kwa siku za mwanzo, kisha matibabu huendelea kwa wiki kadhaa. Upatikanaji wake katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado ni wa kubahatisha. Na hata kidonda kikipona, hubaki kovu. Kovu likiwa mbele ya mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati, mtu ataona mwanga na vivuli, asitambue uso wa mwanawe.

Kuchelewa huku kumepimwa. Watafiti waliochambua kumbukumbu za wagonjwa 170 wa vidonda vya konea katika hospitali ya KCMC, Moshi, waliripoti mwaka 2011 kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa wamekaa na ugonjwa siku 14 au zaidi kabla ya kufika. Waliopitia kwanza kituo kingine cha afya walichelewa zaidi, wastani wa kati ukiwa siku 21. Takwimu hiyo ya pili inauma kuliko ya kwanza, kwa sababu inawahusu watu waliotafuta msaada mapema, wakatazamwa, wakapewa kitu, wakarudishwa nyumbani. Kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti mwingine wa wagonjwa zaidi ya 300 ulikuta kwamba wengi wao walikuwa wameshatia jichoni dawa za miti shamba kabla ya kufika. Juisi ya majani, hata yenye sifa gani, huingia kwenye kidonda pamoja na vijidudu vyake.

Kwa hiyo kichupa kinachonunuliwa kwa kutazama picha kisomwe. Kikiwa na deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, na haifai kutiwa kwenye jicho jekundu ambalo konea yake haijakaguliwa kwa rangi na taa. Ina kazi zake nzuri mikononi mwa daktari. Katika jicho lililochomwa na jani, mwiba au kipande cha chuma, ni hatari.

Hali ya pili ya hatari huja kwa njia tofauti, na mara nyingi haifiki kwa tabibu wa macho kabisa katika saa zile muhimu. Ni ya bibi mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa, ambaye kwa miaka ameahirisha upasuaji. Ndani ya jicho maji hutengenezwa muda wote na kutoka kupitia kona nyembamba kati ya konea na duara la rangi. Lenzi iliyokomaa huvimba, ikasukuma mbele, ikaiziba kona hiyo. Maji yanaendelea kutengenezwa bila pa kutokea. Presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa vipimo vya milimita za zebaki, inaweza kupita 50 ndani ya saa chache. Huanza jioni. Kabla ya maumivu kukolea, huenda akaona duara za rangi kuzunguka balbu. Kisha kichwa kinapasuka upande mmoja, anatapika, na jicho la upande huo linakuwa jekundu.

Familia inaona kutapika kuliko jicho. Anapimwa malaria, anatundikiwa maji, anaambiwa ana kipandauso au vidonda vya tumbo. Mtu akimpiga picha, jicho huonekana jekundu tu. Lakini mwenye kujua atatazama vitu viwili katika picha hiyo. Konea imepoteza ung'avu, imekuwa na mvuke, na duara la rangi nyuma yake halionekani vizuri. Na mboni imekaa kwenye ukubwa wa katikati, pengine imerefuka kidogo badala ya kuwa mviringo. Picha haiwezi kuonyesha hatua inayofuata, ila ndugu yeyote mwenye tochi anaweza: akimulika jicho zima, mboni husinyaa mara moja, akimulika linaloumwa, mboni haisogei. Mwenye kichwa kikali, kutapika na mboni isiyosinyaa anahitaji hospitali yenye kitengo cha macho usiku huohuo. Huko hupewa vidonge vya asetazolamidi na matone kama timololi kushusha presha, na baadaye lenzi hutolewa. Wagonjwa wa kisukari nao huweza kufika hapo kwa njia nyingine, pale mishipa mipya isiyo na kazi inapoota ndani ya jicho na kuiziba kona ileile.

Hapa lazima neno moja liongezwe ili mtu asipumue mapema. Glaukoma nyingi za Waafrika si za namna hii. Ile iliyoenea kwetu hula mshipa wa fahamu wa jicho polepole kwa miaka, bila maumivu na bila wekundu hata kidogo, na picha ya jicho hilo ni safi kabisa. Jicho jeupe halimwondolei mtu mwenye ndugu wa damu wenye glaukoma haja ya kwenda kupimwa presha ya macho na mshipa huo.

Picha ya jicho ina manufaa inapopigwa vizuri na kutumwa na maneno. Mgonjwa akae ameelekea dirisha mchana, mmweko ukiwa umezimwa na lenzi ya simu ikiwa imefutwa. Vichujio vya urembo viondolewe, maana hulainisha hasa kile kinachotafutwa. Simu ikae umbali wa kiganja kimoja au zaidi kidogo, mpaka iweze kulenga, na picha zipigwe mgonjwa akitazama mbele, juu, na chini, moja ikiwa kope la chini limevutwa kwa kidole kilichooshwa. Katika picha ya kutazama mbele, umbo la dirisha litaonekana likiakisiwa juu ya konea. Kingo zake zikiwa zimenyooka na kali, uso wa konea ni laini. Zikiwa zimevunjika au zimefifia, hapo pana mchubuko, kidonda au uvimbe, hata kama wekundu ni mdogo.

Kisha maneno: ni jicho moja au yote mawili, tangu lini, nini kiliingia au kugusa, dawa gani imeshatiwa. Na lile la kuona, lipimwe kwa kila jicho peke yake, jingine likiwa limezibwa kwa kiganja bila kukandamizwa, mtu akihesabu vidole kutoka upande wa pili wa chumba au akisoma kalenda ya ukutani. Wengi hugundua kwa mara ya kwanza katika jaribio hilo kwamba jicho moja limekuwa likibeba kazi ya mawili. Muuguzi anayepokea ujumbe usemao “jicho la kulia tu, siku ya pili, jani la mpunga, vidole sivihesabu, mwanga unaniumiza” ana jibu kabla ya kufungua picha: aje leo.

Zipo pia hali ambazo picha haipaswi kutangulia. Chokaa, saruji, maji ya betri, dawa ya kulainisha nywele au sumu ya swila atemaye mate ikiingia jichoni, kinachotakiwa kwanza ni maji safi yanayotiririka, dakika 15 kwa uchache, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha safari. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza siku 28, kope zikivimba na usaha ukimwagika, anapelekwa hospitali bila kusubiri asubuhi, kwa kuwa kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kuitoboa konea yake kwa muda mfupi sana. Na anayevaa lenzi za kubandika, jicho likiwa jekundu na linauma, azitoe mara moja, asizitupe, aende nazo pamoja na kikopo chake na maji yake, kwa sababu maabara inaweza kuvikuta humo vijidudu vilivyo ndani ya jicho.